Kutoka aya tatu hadi Jumamosi kumi na tano

Msomaji wetu mmoja wa Fanja, ule mji wa wilaya ya Bidbid unaoupita ukitoka Maskati kwenda Nizwa, ameniletea picha ya karatasi moja na swali fupi. Yeye na kina mama wenzake wana darasa la Kiswahili la watoto tisa, wenye umri wa miaka tisa hadi kumi na mbili, linalokutana nyumbani kwake. Skuli watoto hawa wanasoma Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili wanakisikia kwa wazee na wanakielewa, ila hawakisomi wala hawakiandiki. Karatasi yenyewe ni azimio la kazi aliloliandika shangazi yake mwaka 2012, mwalimu wa zamani wa Unguja ambaye sasa anakaa Sur. Limeandikwa kwa aya, kama barua. Dada yetu anasema: "Nalipenda sana, lakini kila muhula tunaishia sokoni. Barua ya bibi hatujaifikia hata mara moja, na mabibi wenyewe ndio hao wanazeeka. Nitaligeuzaje liwe jedwali la wiki kwa wiki?"

Kwanza tulisome azimio lenyewe. Nimeomba ruhusa ya kulinakili.

"Muhula huu, kila Alhamisi asubuhi, watoto watajifunza kusoma na kuandika sauti ambazo Kiarabu hakina herufi zake, yaani p, v, ch, ny na ng', kwa kutumia kadi za picha. Wakishazizoea watasoma habari fupi kuhusu jamaa na ukoo, na kila mtoto atachora mti wa ukoo wake na kuueleza mbele ya wenzake. Hapo ndipo tutaingia ngeli ya A-WA, kwa sababu majina mengi ya jamaa yanafuata ngeli hiyo.

"Baada ya hapo tutakwenda sokoni: majina ya vitu, kuhesabu hadi mia, kuuliza bei na kupatana. Ngeli ya KI-VI itafundishwa hapa. Watoto wajue pia kutaja saa, na saa itahitaji muda wa kutosha. Mwisho wa mada watoto watacheza igizo la soko.

"Sehemu ya mwisho ya muhula watajifunza wakati uliopita na wakati ujao, na kila mtoto ataandika barua ya ukurasa mmoja kwa bibi au babu aliyeko Unguja au Pemba, na barua hiyo itatiwa posta kweli. Mazoezi ya imla yatafanywa kila mara. Wimbo mmoja utafundishwa."

Ni azimio zuri. Anayelisoma anajua mwalimu huyu anaelekea wapi. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni ya aya zote duniani: sentensi moja ya kazi ya nusu saa na sentensi moja ya kazi ya wiki mbili zina urefu sawa. "Wimbo mmoja utafundishwa" ni maneno matatu, na "itatiwa posta kweli" ni maneno matatu. Mwalimu akizifuata aya kutoka juu kwenda chini, kinachozidiwa na muda ni kile kilichoandikwa mwisho. Hapa mwisho ni barua.

Basi kalamu ya jedwali isianzie kwenye mada. Ianzie kwenye kalenda. Chukua karatasi tupu uandike tarehe zote kabla hujaandika neno hata moja la masomo. Alhamisi ya shangazi haipo tena, kwani tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki Omani ni Ijumaa na Jumamosi, na Alhamisi watoto wako skuli. Darasa la Fanja linakutana Jumamosi. Kuanzia tarehe 5 Septemba hadi tarehe 12 Disemba 2026 kuna Jumamosi kumi na tano. Wengi hapa wangegawa azimio mara kumi na tano, na hapo ndipo muhula unapoanza kuvuja.

Jumamosi ya tarehe 21 Novemba haina darasa, kwa sababu Sikukuu ya Taifa sasa ni tarehe 20 Novemba na mwaka huu inaangukia Ijumaa, kwa hiyo watu watakuwa safarini au kwa jamaa. Tarehe 12 Disemba ni siku ya wazazi na ya kwenda posta, hakuna jipya litakalofundishwa. Na Jumamosi moja ya katikati, tarehe 24 Oktoba, nimeiacha tupu makusudi. Nimeiita wiki ya akiba. Zimebaki kumi na mbili.

Darasa ni dakika tisini. Shangazi anataka imla "kila mara". Maneno kama "kila mara" na "kila siku" hayapewi wiki yake, yanakata kipande cha kila wiki. Kwa hiyo dakika kumi za mwanzo ni za imla, halafu kipindi cha dakika thelathini na tano, mapumziko ya dakika kumi, na kipindi kingine cha dakika thelathini na tano. Vipindi viwili kwa wiki, wiki kumi na mbili, ni vipindi ishirini na vinne. Hiyo ndiyo mali yote tuliyo nayo. Andika namba hiyo juu ya karatasi kwa wino mwekundu.

Sasa rudi kwenye aya ukiwa na penseli. Zungushia duara kila kinachofundishwa: sauti, ngeli, saa, barua. Pigia mstari kila kitendo cha mtoto: atachora, ataeleza, ataandika. Weka alama ya nyota kwenye vitu vinavyohitajika, kama kadi za picha. Hadi hapa wengi wanafika wenyewe. Wanachokiacha ni maneno madogo yanayounganisha, nayo yana kazi kuliko yote: "wakishazizoea", "hapo ndipo", "kwa sababu", "baada ya hapo", "hapa", "pia". Jedwali halina mahali pa maneno hayo. Ukishaingiza mada kwenye visanduku vyake, hayo yanadondoka, na yakidondoka hujui tena kipi kinaweza kuhamishwa na kipi hakiwezi. Yasome kabla hujayapoteza.

"Wakishazizoea" ni sharti. Habari ya jamaa haiwezi kutangulia sauti, kwa sababu mtoto asiyetofautisha p na b atasoma "pata" kama "bata". "Kwa sababu" inaifunga ngeli ya A-WA kwenye mada ya jamaa, hivyo vinakwenda pamoja. Lakini tazama ngeli ya KI-VI: "itafundishwa hapa". Hakuna sababu iliyotajwa. Imewekwa sokoni kwa kuwa vikombe na visu vinauzwa sokoni, lakini ingeweza kukaa popote. Na "pia" ya saa inaniambia kwamba saa iliongezwa baadaye, haihusiani na soko. Kilichounganishwa kwa sababu huachi nyuma, kilichounganishwa kwa "hapa" na "pia" unaweza kukibeba ukakiweka kwingine.

Hatua inayofuata ni kukadiria vipindi vya kila duara, na hapa ni lazima ujiulize mtoto wa Fanja ataanguka wapi, si mtoto wa Unguja. Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndio unaoonyesha sentensi moja inavyoweza kuficha wiki nzima.

Shangazi ameandika kwamba majina ya jamaa yanafuata ngeli ya A-WA. Ni kweli kwa kitenzi: mtoto anakuja, watoto wanakuja, dada anakuja, dada wanakuja. Mwalimu akifika hapo anafurahi, watoto wamepata kanuni. Dakika tano baadaye mtoto anaufafanua mti wake wa ukoo na kusema "dada wangu wanakuja". Amekosea, lakini kakosea kwa kuifuata kanuni aliyofundishwa. Tunasema mtoto wangu na mjomba wangu, lakini dada yangu, baba yangu, na wakiwa wengi, dada zangu. Kitenzi kinakwenda na A-WA, kimilikishi cha jamaa hawa kinakwenda kwingine. Aliyezaliwa Unguja alilipata hilo kabla hajakaa dawatini, kwa hiyo shangazi hakuwa na haja ya kuliandika. Hapa linahitaji kipindi chake, na linahitaji kuja kabla ya watoto kueleza miti yao, la sivyo mtoto wa kwanza atasahihishwa mbele ya wenzake na wanane waliobaki watanyamaza. Kwa hiyo nimegeuza mpangilio: shangazi aliuweka mti kabla ya ngeli, mimi nimeiweka ngeli kwanza, kisha kimilikishi, kisha mti.

Nilipohesabu yote nilipata hivi. Sauti vipindi vinne. Jamaa saba, yaani viwili vya kusoma, viwili vya ngeli, kimoja cha vimilikishi, kimoja cha kuchora mti na kimoja cha kuueleza, maana watoto tisa kwa dakika tatu tatu ni karibu nusu saa. Soko lote pamoja na saa kumi na viwili: majina ya vitu viwili, hesabu viwili, bei kimoja, KI-VI viwili, saa vitatu, igizo viwili. Nyakati viwili, barua vinne, wimbo kimoja. Jumla vipindi thelathini. Tunavyo ishirini na vinne.

Hivi ndivyo barua ilivyokuwa ikipotea. Azimio lilizidi muhula kwa vipindi sita, na ndani ya aya hakuna mtu angeweza kuliona hilo. Sokoni, ambako darasa lilikwama kila mara, ndiko kulikobeba vipindi kumi na viwili.

Mimi kwa haraka yangu ningeiondoa saa, vipindi vitatu kwa mkupuo mmoja. Lakini azimio la mtu hulikati bila kumuuliza, akiwa hai na simu anayo. Nikamwomba dada ampigie shangazi yake. Jibu lilikuwa wazi: saa isiguswe. Bibi akiwa Unguja akisema "kesho saa nane mtanikuta nyumbani", mtoto wa Fanja anaandika 8:00 na kupiga simu asubuhi, wakati bibi hayupo. Mchana bibi anakaa na simu mkononi na hakuna anayempigia. Na kuna jambo la pili: Omani iko mbele ya Tanzania kwa saa moja. Saa nane ya mchana ya bibi ni 2:00 kwenye simu yake na ni 3:00 kwenye simu ya mtoto. Mtoto anatakiwa avuke mara mbili, toka Kiswahili hadi tarakimu za simu, kisha toka Unguja hadi Omani. Hiyo ndiyo maana ya "muda wa kutosha". Vipindi vitatu vimebaki.

Tukakata hivi. Wimbo umeingia kwenye dakika za imla za wiki ya kwanza na ya pili, hauna kipindi tena. Hesabu imebaki kipindi kimoja cha makumi, na kimewekwa mlangoni pa saa, kwa sababu dakika ndizo zitakazowapa watoto mazoezi ya namba hadi sitini. Igizo kubwa la soko limeondoka, na watoto watapatana bei wawili wawili ndani ya kipindi cha bei. Ngeli ya KI-VI, ile ya "hapa" isiyo na sababu, imehamia muhula ujao. Kimoja, kimoja, viwili na viwili: sita. Shangazi alilalamikia igizo tu, na alikuwa na haki, watoto wanapenda kuigiza. Lakini lilikuwa igizo au barua.

Jedwali likawa hili. Safu za vifaa, upimaji na maoni nimeziacha hapa ili lisomeke kwenye simu.

| Wiki | Tarehe | Kinachofundishwa | Mtoto ataweza |
|---|---|---|---|
| 1 | 5 Sept. | p na v | kusoma na kuandika pata/bata, vaa/faa bila kuchanganya |
| 2 | 12 Sept. | ch na ny. Ng' | kutofautisha ng'ombe na ngoma kwa sikio na kwa maandishi |
| 3 | 19 Sept. | Habari ya jamaa | kusoma habari fupi kwa sauti na kujibu maswali matatu |
| 4 | 26 Sept. | Ngeli ya A-WA | kubadili sentensi tano kutoka umoja hadi wingi |
| 5 | 3 Okt. | -angu, -ako, -ake kwa jamaa. Kuchora mti | kuandika majina sita ya jamaa na vimilikishi vyake |
| 6 | 10 Okt. | Kueleza mti. Majina ya vitu sokoni | kueleza ukoo wake kwa dakika tatu |
| 7 | 17 Okt. | Majina ya vitu. Bei | kuuliza bei na kupunguziwa |
| 8 | 24 Okt. | AKIBA | |
| 9 | 31 Okt. | Makumi, saa kamili | kutaja saa kamili zote kumi na mbili |
| 10 | 7 Nov. | Nusu, robo na dakika. Saa ya Unguja na ya Omani | kusikia saa ya bibi na kuandika saa ya simu yake |
| 11 | 14 Nov. | Wakati uliopita na ujao | kuandika sentensi tatu za jana na tatu za kesho |
| 12 | 21 Nov. | HAKUNA DARASA | kuleta anwani ya bibi au babu |
| 13 | 28 Nov. | Mpangilio wa barua. Rasimu | kuandika nusu ya barua |
| 14 | 5 Dis. | Rasimu, nakala safi | kumaliza barua ya ukurasa mmoja |
| 15 | 12 Dis. | Wazazi, posta | |

Tazama safu ya mwisho. Shangazi aliandika "watajifunza wakati uliopita". Huwezi kujua Jumamosi adhuhuri kama jambo hilo limetokea. "Kuandika sentensi tatu za jana" utaona kwa macho, daftari likiwa mbele yako. Kila kitenzi cha aina ya kujifunza, kuelewa au kufahamu kilichomo kwenye aya kibadilishe kiwe kitu kinachoonekana au kusikika, na kiwe na idadi. Ukishindwa kukibadilisha, ujue bado hujaamua unachokitaka.

Wiki ya 8 na ya 12 zisifutwe ati kwa kuwa hazina somo. Ukizifuta, namba za wiki zitaachana na kalenda, na wazazi wataanza kuuliza "hii wiki ya kumi ni ipi?" Mstari uliobaki tupu nao ni taarifa.

Sasa zile safu nilizozificha. Tanzania azimio la kazi la skuli lina safu nyingi: umahiri, mwezi, wiki, idadi ya vipindi, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi, zana, rejea, upimaji, maoni. Kenya, ambako wanayaita maazimio ya kazi, wanaongeza safu ya maswali dadisi. Ukifundisha skuli, fuata fomu ya skuli yako. Kwa darasa la sebuleni tatu zinatosha zaidi ya hizo nne za juu, na yenye faida kubwa ni ya vifaa, kwa sababu kisanduku kitupu kinakuuliza swali ambalo aya haikuulizi. Aya ilisema barua itatiwa posta, basi. Nilipofika wiki ya 15 kwenye safu ya vifaa nikaandika bahasha tisa, stempu, anwani, kalamu haikutaka kuendelea. Anwani zitatoka wapi? Unguja na Pemba kwa kawaida posta haileti barua mlangoni, barua inakwenda kwenye sanduku, S.L.P. fulani, na mara nyingi sanduku ni la mtoto wa bibi, la kazini au la skuli ya jirani. Hilo halipatikani asubuhi ya siku ya posta. Ndiyo maana wiki ya 12, isiyo na darasa, imepewa kazi: mzazi aulize kwa simu sikukuu hiyo, ambapo familia iko pamoja, na mtoto alete anwani iliyoandikwa.

Safu ya maoni iache wazi. Ijazwe siku ile ile, kwa maneno machache: "ng' bado kwa watatu", "tulichelewa kuanza". Kosa linalotokea sana ni hili: wiki moja haikwisha, mwalimu anashusha kila kitu mstari mmoja chini, na barua inasogea tena kuelekea nje ya muhula. Usishushe. Kilichobaki cha wiki 1 hadi 7 kinamaliziwa wiki ya akiba. Kikizidi hapo, amua mapema kitakachoachwa. Kwenye jedwali la Fanja tumetia alama kwenye kipindi cha pili cha majina ya vitu, wiki ya 7. Kikiachwa hakimdhuru mtu. Wiki ya 13 na ya 14 hazihamishwi kwa sababu yoyote, na siku ya wazazi inaweza kumeza nakala safi ya mtoto aliyekuwa mgonjwa.

Mambo mawili ya kompyuta, kwa kuwa dada ameniuliza. Kwenye Excel usiandike tarehe moja moja. Andika ya kwanza kwenye A2, kisha kwenye A3 weka hii na uivute chini hadi A16:

```
=A2+7
```

Muhula ujao utabadilisha tarehe moja tu, nyingine zitafuata. La pili linawapata walioko Omani na Ghuba: kompyuta iliyowekwa kwa Kiarabu inaweza kulifungua jedwali likianzia kulia, wiki ya kwanza ikawa mwisho wa upande usiouzoea. Ingia `Page Layout` ubonyeze `Sheet Right-to-Left` ili kuizima. Ukitumia Word kuna `Convert Text to Table`, lakini hiyo inagawa maandishi pale penye koma au alama uliyoiweka. Ukiipa aya za shangazi itakukatia sentensi vipande, si wiki.

Walioko Leicester, Toronto au Minneapolis wasilinakili jedwali la Fanja na tarehe zake. Hesabuni upya Jumamosi au Jumapili zenu, ondoeni likizo za skuli za huko, na muangalie mwezi mwandamo pia. Ramadhani na Idi zinarudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa miladi, kwa hiyo jedwali la muhula wa pili wa mwaka jana halifai kwa mwaka huu hata kama masomo ni yale yale. Ramadhani ya 2027 inatazamiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Kwa muhula huo ningeweka wiki mbili za akiba badala ya moja, na ya pili ningeiweka mara tu baada ya Idi, wakati nusu ya darasa haijarudi kutoka kwa jamaa.

Na dada wa Fanja, karatasi ya shangazi usiitupe. Ibandike nyuma ya jedwali. Mwakani atakapokuja mwalimu mwingine na kuuliza kwa nini ngeli imekaa na jamaa na si kwingine, jedwali halitamjibu, lakini ile "kwa sababu" ya aya ya kwanza itamjibu. KI-VI nimekuandikia kwa penseli kwenye wiki ya tatu ya muhula ujao, na igizo la soko nimeliweka mkabala nayo.